Naomba ushauri: safi na chafu niviweke kundi gani?

Walimu wenzangu wa Kiswahili hapa Kisumu na kwingineko, naandaa zoezi la vinyume na ukanushi.

Moto na baridi havisumbui. "Chai hii si moto wala si baridi" ni sentensi sahihi, kwani katikati kuna vuguvugu. Kukanusha moto hakukupi baridi. Hai na mfu ni tofauti: "samaki huyu si hai wala hajafa" inajipinga yenyewe, na kukanusha upande mmoja kunathibitisha wa pili.

Kinachonikwamisha ni safi na chafu. Vinalinganishwa vizuri, "maji ya kisima hiki ni safi kuliko ya mto", kwa hiyo kwa kipimo cha "kuliko" vinakaa na moto na baridi. Lakini mwanafunzi akiandika "maji si safi, kwa hiyo ni machafu", siwezi kumkosoa. Nadhani sababu ni kwamba usafi hudai uchafu usiwepo kabisa, ilhali uchafu kidogo tu unatosha kuyaita maji machafu, kwa hiyo katikati hapabaki nafasi.

Je, mngefungua kundi la tatu, au mngetumia kipimo cha "si... wala si..." peke yake na kuacha "kuliko"? Na kavu je, mnaipimaje?