Mteja kabadilisha oda aliyokwisha kulipia, mahesabu yamenichanganya. Naomba ushauri

MamaMikoba:
Habari wakuu. Nauza mabegi na nguo mtandaoni, duka langu linaendeshwa kwa WooCommerce. Juzi mteja aliagiza begi la 600, koti la 360 na mkanda wa 240, jumla 1,200. Alitumia kuponi yetu inayopunguza 120 kwa oda ya kuanzia 1,000, bidhaa zikawa 1,080. Usafiri 60. Akalipa 1,140 kwa kadi. (Namba nimeziandika tupu ili tufuatane kirahisi.)

Saa mbili baadaye akaandika: "Naomba mnitolee koti, mniwekee vile viatu vyeusi." Viatu ni 420. Nikamrudishia 360 za koti. Oda ilikuwa `Processing` na haikubali kuhaririwa, nikaipeleka `On hold`, nikatoa koti, nikaweka viatu, nikairudisha `Processing`. Kisha nikamwandikia alipe 420. Akajibu kwamba hela ya koti hajaiona kwenye kadi, ikifika ndipo atalipa. Nikamwelewa, nikasubiri. Kumbe stoo wanaona oda imelipwa! Kijana akachapa karatasi mpya, akafungasha viatu, mzigo ukaondoka.

Mhasibu naye kaja juu. Anasema baada ya kuponi koti tulilipwa 324 tu, mimi nimerudisha 360, kwa hiyo nimetoa 36 zisizo halali. Nimdai mteja kiasi gani? Na siku nyingine nifanyeje?

Kipepeo77:
Pole dada. Mimi nilinunua viatu vikanibana, duka likakataa kuvipokea kwa sababu nilishavivaa nje. Mwambie mteja avirudishe ndani ya siku saba bila kuvitembelea, utampa koti lake.

MamaMikoba:
Asante, ila viatu havijamfika na hajavikataa. Shida yangu ni malipo.

Jembe la Kazi:
Njia safi ni moja tu: oda ikishalipwa usiiguse. Futa yote, rudisha hela yote, aagize upya. Hakuna hesabu ya kuumiza kichwa.

Mzee wa Salio:
Jembe, kwa vitabu uko sawa, ila kwa mteja hapana. Hela ya kadi huchukua siku kadhaa za kazi kumrudia. Ukifuta oda nzima, 1,140 zake ziko njiani na bado unamtaka alipe 1,200 nyingine leo, wakati alichobadilisha ni kitu kimoja. Kuponi yake kama ni ya mara moja inaweza kumkatalia. Na mifumo mingi ya malipo haikurudishii makato yake unaporejesha hela, kwa hiyo ukirudisha yote utakatwa kwa kiasi chote.

MamaMikoba, tuanze na deni. Usihesabu kwa kitu kimoja kimoja. Pata jumla ya oda ilivyo sasa, kisha toa hela ya mteja uliyobaki nayo mkononi. Oda ya sasa: begi 600, mkanda 240, viatu 420, ni 1,260. Imevuka 1,000, kuponi inasimama, 1,140. Ongeza usafiri 60, inakuwa 1,200. Mkononi una nini? 1,140 alizolipa, toa 360 ulizorudisha, una 780. Anadaiwa 420.

Kwa hiyo namba uliyomtumia ni sahihi. Zile 36 za mhasibu hazijapotea, ni fungu la kuponi lililokuwa limekaa kwenye koti na sasa limehamia kwenye viatu.

Jembe la Kazi:
Basi ni rahisi: bei ya kipya toa bei ya cha zamani. 420 toa 360, angelipa 60 na mambo yameisha.

Mzee wa Salio:
Hapa imeangukia 60 kwa sababu kuponi ni ya kiasi kimoja na oda bado iko juu ya 1,000. Chukulia angetoa koti bila kuweka kitu. Kwa njia yako unamrudishia 360. Lakini zinabaki bidhaa za 840, chini ya kiwango. Ukishika sharti la kuponi, punguzo linafutika: 840 na usafiri 60 ni 900, alilipa 1,140, unarudisha 240. Ukimwachia mafungu ya kuponi ya begi na mkanda, unarudisha 324. Majibu matatu kwa koti moja! Ndiyo maana kanuni inaandikwa kabla, si siku mteja anapopiga simu.

MamaMikoba:
Nimeelewa, na nimepumua kidogo. Sasa lile la stoo?

Mzee wa Salio:
Hilo ndilo lililokuumiza kuliko hesabu. Uliiruhusu oda mpya kabla tofauti haijalipwa. Ombi likija, kwanza uliza stoo kama mzigo umefungwa. Kama bado, oda iende `On hold` na ibaki humo, na viatu vitengwe asije mwingine akavichukua. Usirudishe hela ya koti. Mtumie mteja dai moja la 60 lenye namba ya oda na muda wa mwisho, mfano kesho saa sita mchana. Akilipa, ndipo unatoa koti, unaweka viatu na kurudisha `Processing`. Asipolipa, oda ya kwanza inaenda kama ilivyo, maana ile ameshailipia. Mwambie hivyo tangu mwanzo.

Tofauti ikiwa ya kwake, yaani unamrudishia, hakuna cha kusubiri. Ukishahakikisha bidhaa haijafungwa, badilisha na urudishe siku hiyohiyo, muamala mmoja, kwenye kadi ileile.

kodi_ya_usiku:
Mimi ni mtengeneza tovuti, naongeza moja. Usiweke oda hiyo `Pending payment` ukampa mteja ukurasa wake wa kulipia. Ukurasa ule unadai jumla yote ya oda, haujui kwamba alishalipa 1,140. Nimeona mteja akilipa mara mbili kwa njia hiyo. Fungua oda ndogo pembeni yenye mstari mmoja, "tofauti ya oda namba fulani", 60, na kwenye oda ya kwanza andika maelezo yanayoitaja. Ujue pia kwamba ikitoka `On hold` kwenda `Processing`, mteja hupokea tena barua pepe ya kuthibitisha oda. Mtahadharishe asidhani ametozwa upya.

Nasra_B:
Mzee, kumnyang'anya mtu kuponi kwa sababu ametoa koti mimi sikubali. Alishapewa. Kwangu tunamwachia fungu lake, hata oda ikishuka chini.

Mzee wa Salio:
Sikupingi moja kwa moja. Ila kwangu wapo walioongeza kitu wapate kuponi, wakakitoa baada ya kulipa. Nikaandika sharti pale kuponi inapotolewa, na mteja huona kiasi atakachorudishiwa kabla hajathibitisha.

Nasra_B:
Kwako wapo. Kwangu katika mwaka mzima sijampata hata mmoja, na waliotoa kitu kimoja wengi wamerudi kununua.

MamaMikoba:
Nashukuru sana wote. Nimefungua oda ya pembeni ya 420 na kumtumia mteja mchanganuo: 1,200 ya sasa, 780 tuliyonayo. Amejibu kwamba 360 zimeonekana leo asubuhi, atalipa jioni. Mhasibu nimemwonyesha hesabu ya 36, ameipokea, ila anataka risiti ya kwanza nisiifute, nitoe nyingine ya marekebisho inayotaja koti kutoka na viatu kuingia. La kuponi oda ikishuka chini ya 1,000 bado tunabishana naye.