Mrejesho: lori kwenye picha zangu za harusi

Niliuliza: "Nimwandikieje mpiga picha amwondoe mtu nisiyemjua na lori lililoegeshwa nyuma yetu?"

Asanteni sana, jamani. Nilimwandikia nikitaja namba ya kila picha, nikaomba atumie faili zake halisi, si nakala za WhatsApp. Yule kaka alitoka kirahisi, maana nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu. Lori ndilo lililosumbua: wekundu wake ulipenya kwenye shela, na mara ya kwanza ukingo wa shela ulitoka kama umekatwa na mkasi. Nikamrudishia. Akachukua ukuta kutoka picha iliyopigwa lori likiwa limeshaondoka, kisha akafifisha ule wekundu. Moja nimeiacha hivyo hivyo. Lori limekaa nyuma ya uso wa mama, na uso wake sitaki uguswe.