Ushauri: Nina miaka 60, mama yangu ana 96. Ninunue anuiti au nichote kidogo kidogo?

MamaSalma_Malindi
Assalaam aleikum wenzangu. Nimestaafu mwezi uliopita, niko hapa Malindi, mtaa wa Muyeye. Skimu yetu ya pensheni imenifungulia hesabu: milioni 6. Theluthi moja, yaani milioni 2, nimeshapewa mkononi. Milioni 4 zilizobaki nimeambiwa nichague: ama ninunue anuiti kwa kampuni ya bima, wanilipe kila mwezi mpaka siku nitakayokufa, ama niziweke kwenye mfuko wa drodauni nichote mwenyewe kila mwezi.

Kampuni imenipa bei mbili za anuiti, zote za peke yangu na zina dhamana ya miaka 10. Ya kwanza ni 38,000 kwa mwezi, haipandi maisha yangu yote. Ya pili inaanza na 27,000, inapanda 5% kila mwaka. Drodauni wanasema naweza kuchota mpaka 50,000.

Kinachonikosesha usingizi ni mama. Ana miaka 96, anaketi barazani asubuhi akimenya ukwaju kwa vidole vyake mwenyewe, na bibi yake naye aliishi hivyo hivyo. Nikirithi umri huo nina miaka 36 mbele yangu. Mume wangu ana 68, hana pensheni. Nifanyeje?

Bahari_Kuu
Dada, usiwape bima hela yako. Ukifa wanaimeza, watoto wanabaki mikono mitupu. Chukua drodauni. 15% ya milioni 4 ni laki 6 kwa mwaka, hiyo ni 50,000 kila mwezi kwa miaka 10, na salio ni la warithi wako. Hesabu iko wazi.

Nahodha_Matondoni
Pole na hongera kwa kustaafu. Mimi nasema zote mbili waachie, omba upewe jumla. Ndugu yangu wa Lamu alipewa yake yote kwa mkupuo, akanunua mashua na injini. Mwaka wa tatu injini ilikufa, hela ilikuwa imekwisha, lakini angalau aliishika mwenyewe.

Mstaafu_Ngala
Nahodha, ndugu yako bila shaka alikuwa kwenye mfuko wa akiba, huo ndio unaolipa yote kwa mkupuo. Mama Salma yuko kwenye skimu ya pensheni. Theluthi yake ameshaichukua, zilizobaki lazima zigeuzwe mapato.

Bahari_Kuu, umesema kweli nusu. Hiyo 15% ni kikomo cha juu, na inahesabiwa kwa salio lililopo, si kwa zile milioni 4 za mwanzo. Mwaka wa kwanza ni 50,000, sawa. Sasa tuseme mfuko unazaa 9% kila mwaka baada ya ada, naye anachota 15% kila mwanzo wa mwaka. Anachota kuliko kinachozaliwa, kwa hiyo salio linapungua. Miaka 10 ikiisha, Mama Salma ana miaka 70 na salio ni kama milioni 1.86. 15% yake ni 23,300 kwa mwezi. Bei za vitu zikiwa zimepanda 5% kwa mwaka, hizo 23,300 zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa na 14,300. Na mama yake ana 96.

Suala la "bima wanaimeza" nalo lina dhamana. Akifariki mwaka wa 4, warithi wanalipwa ile miaka 6 iliyobaki. Baada ya mwaka wa 10 ndipo malipo hukatika anapofariki.

MamaSalma_Malindi
Mwalimu, nisipochota 50,000 je? Nikichota hiyo hiyo 27,000 na kuiongeza 5% kila mwaka, kama anuiti ya pili?

Mstaafu_Ngala
Hilo ndilo swali lenyewe. Kwa mfuko wa kuzaa 9%, hela inakwisha ukiwa na kama miaka 76. Wakikuzalishia 12% kila mwaka bila kukosa hata mmoja, unafika kama 83. Kampuni inalipa mpaka siku unayoondoka.

Wanawezaje? Si kwamba ni mabingwa wa kuwekeza. Chukulia watu 100 wa umri wako wanaotia hela chungu kimoja. Wengine watafariki wakiwa na 72, wengine 75. Kilichobaki cha hao hakirudi kwa watoto wao, kinabaki chunguni kuwalipa wanaofika 90 na kitu. Bahari_Kuu anakiona kama dhuluma, lakini kwa mtu wa ukoo wa Mama Salma hicho ndicho anachonunua. Ukichota peke yako, huna wa kukuchangia ukiishi sana.

Fatma_wa_Barani
Naomba nilete ya kwangu. Marehemu baba alistaafu 1995 akachagua ile isiyopanda kwa sababu ilianza kubwa, 6,000 kwa mwezi. Wakati ule tulijiona matajiri. Aliishi mpaka 2021. Mwishoni zile 6,000 zilikuwa hazitoshi hata wiki mbili za kumlipa kijana wa kumuogesha. Hela haikukatika hata mwezi mmoja, wallahi, ila ilikuwa kama haipo. Mama Salma, usidanganyike na 38,000.

Mstaafu_Ngala
Bi Fatma amegonga penyewe. Kwa kupanda kwa bei kwa 5%, zile 38,000 ukiwa na miaka 80 zina nguvu ya 14,300 za leo. Ukifika 96, ni kama 6,600. Ile ya 27,000 inaifikia ile nyingine ukiwa na miaka 67, na jumla ya ulichopokea inaipita kati ya 74 na 75. Kwa mtu mgonjwa ningesema chukua kubwa ya sasa. Kwako wewe, hapana. Ila Benki Kuu inalenga bei zipande kati ya 2.5% na 7.5%, kwa hiyo miaka mingine hata hiyo 5% itaachwa nyuma.

Usisahau pia kwamba kuchota unako tayari. Zile milioni 2 ndizo drodauni yako. Ziweke mahali pa kutoka haraka, za hospitali na za paa likivuja. Anuiti ukishatia saini hairudi.

Bahari_Kuu
Hapo kwenye salio nimekubali, sikujua. Lakini riba je? Kampuni zinanunua hati za serikali. Mimi roho yangu haitulii.

Mstaafu_Ngala
Hilo si langu kulitolea hukumu, muulizeni sheikh mnayemwamini. Kwa drodauni unaweza kuwauliza wasimamizi hela inawekezwa wapi. Kwa anuiti huna uchaguzi huo.

Fatma_wa_Barani
Na baba Salma? Wewe ukitangulia baada ya miaka 10, yeye atakula nini?

MamaSalma_Malindi
Nimewapigia leo asubuhi. Ya wawili, inayopanda 5%, ambayo akibaki yeye analipwa nusu, inaanza na 24,500. Yaani 2,500 kila mwezi kwa ajili yake, na amenizidi miaka minane. Yeye anasema nisimfikirie, Salma na ndugu zake wapo. Mimi sijamjibu.

Ile ya 38,000 nimeiweka kando. Jumatatu naomba bei kwa kampuni nyingine mbili, zote za kupanda 5%, ya mmoja na ya wawili, dhamana ile ile ili nilinganishe sawasawa. Riba nitamuuliza sheikh Ijumaa.

Mstaafu_Ngala
Ukizipata zilete hapa, tuzipige hesabu kabla hujatia saini.