Naomba ushauri: fundi wa vikaragosi katika hadithi yangu anajifunza uhuishaji, lakini onyesho moja halishawishi

Mwandishi wa Kisauni

Wanajukwaa, salaamu. Ninaandika hadithi fupi kuhusu mchongaji mstaafu wa Changamwe, ambaye ninamwita Babu tu. Katika miaka ya 1990 alichonga vikaragosi vya kamba kwa vikundi vilivyozunguka sokoni na shuleni vikielimisha watu kuhusu Ukimwi. Mjukuu wake anapokwenda chuoni anamwachia kipakatalishi kikuukuu, na Babu anaamua kumtembeza Sikujua, kikaragosi pekee aliyebaki naye, kwenye skrini kwa kumpiga picha moja baada ya nyingine.

Onyesho lenyewe nimeliandika hivi: "Babu alimsimamisha Sikujua mezani, akampiga picha, akamsogeza mguu kidogo, akampiga tena. Kufikia adhuhuri Sikujua alikuwa anatembea." Rafiki yangu aliyelisoma alisema linanuka uongo, kwa kuwa hakuna kazi ya mikono inayomkubali mtu asubuhi moja. Naomba anayeijua kazi hii aniambie ni nini hasa kingemshinda Babu siku ya kwanza, na angetambuaje.

Kijana wa Pikseli

Ndugu Mwandishi, picha hizo za nini? Mpe Babu programu ya Blender, amchore Sikujua humo, amtie mifupa, kazi imekwisha. Kwa kuwa mashine ni kuukuu atumie toleo la 2.79, ambalo linatosheka na mfumo wa michoro wa OpenGL 2.1; matoleo ya kuanzia 2.80 yanadai 3.3 au zaidi, na vipakatalishi vingi vya zamani havina. Akishikilia picha zake, basi ziwe 24 kwa kila sekunde, la sivyo zitarukaruka.

Fundi Nyuma ya Pazia

Kijana wangu, uliyosema kuhusu Blender ni sahihi, lakini humo Babu atakuwa anatengeneza kikaragosi mwingine, ilhali hadithi ni ya huyu wa mti. Hizo 24 nazo ni mwendo wa filamu ya sinema. Sisi tuliofanya kazi hii mara nyingi kila mkao tuliuacha ukae kwa fremu mbili, kwa hiyo mikao 12 kwa sekunde inamtosha Babu kabisa.

Sasa nikujibu wewe, Mwandishi. Sikujua hatasimama. Kikaragosi wa kamba huchongwa ili alegee: goti lake ni ulimi wa mti ndani ya mfuo, umepitishiwa pini, na fundi hulikwangua hadi mguu ubembee kwa pumzi, kwa sababu uzito wa mguu ndio unaomtembeza pale kamba inapovutwa. Mbele ya kamera mambo hugeuka. Kiungo kinatakiwa kibaki pale mkono wa mtu ulipokiacha, na kikishuka hata kwa unene wa ukucha kati ya picha mbili, kwenye skrini mguu utaonekana unatetemeka kama wa mgonjwa wa homa. Kwa hiyo kitakachomshinda Babu ni ufundi wake mwenyewe: kadiri alivyokuwa hodari wa kulegeza viungo, ndivyo Sikujua atakavyomsumbua.

Dawa ya kudumu ni kuitoa pini, kutia bolti yenye nati na washa ya ngozi, na kukaza kidogo kidogo. Jaribio lake ni rahisi: unaunyoosha mkono wa kikaragosi usawa wa bega na kuutazama. Ukishuka wenyewe, bado umelegea. Ukiusukuma na mwili mzima ukageuka nao, umekaza kupita kiasi. Nyayo nazo hufungwa kwa parafujo kutoka chini ya ubao, na kwa kila hatua unafungua moja na kufunga nyingine. Lakini zingatia jambo moja ambalo pengine ndilo hadithi yako: Sikujua akitiwa bolti hatacheza tena kwenye kamba kama zamani.

Mama Darasa la Pili

Pole kwa Babu yako, mwanangu. Umri ukienda macho huchoka, mpeleke kwanza akapimwe miwani. Mimi nilirekodi vikaragosi vya soksi vya wanafunzi wangu kwa simu, na picha ilikuwa inawaka na kufifia bila mpangilio. Niliambiwa simu ni mbovu, nikanunua nyingine, na hali ikabaki ileile. Je, kipakatalishi cha Babu nacho kinafanya hivyo?

Fundi Nyuma ya Pazia

Mama, Babu ni wa hadithini, ila swali lako linamhusu. Simu yako ilikuwa nzima. Kamera ya simu, kama ile ya kipakatalishi, hujipimia mwanga upya kila mara. Mtu aliyevaa shati jeupe akisogea karibu, kamera inaona mwanga umezidi na kuipunguzia picha nuru. Jua la dirishani nalo likipitiwa na wingu, kamera hujirekebisha tena. Babu afunge pazia, atumie taa moja isiyoguswa, azime marekebisho hayo ikiwa programu yake inaruhusu, na avae nguo ya rangi iliyokoza. Tena kabla ya kila picha asimame palepale aliposimama awali.

Kijana wa Pikseli

Nimekubali yaishe kuhusu Blender. Kwenye kuunganisha picha lakini nina cha kuchangia, maana kipakatalishi dhaifu hakihitaji programu nzito. Picha zikipewa namba kwa mfuatano, amri hii ya programu ya ffmpeg inatosha:

```
ffmpeg -framerate 12 -i picha_%04d.jpg -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p sikujua.mp4
```

Kuna mtego humo. Babu akifuta picha mbaya katikati, tuseme `picha_0049.jpg`, video itakoma baada ya picha ya 48, yaani kwenye sekunde ya nne, na huenda asione onyo lolote la kosa. Atadhani mashine imekufa, kumbe picha zake zote zipo. Azipe namba upya tu.

Mwandishi wa Kisauni

Nimepata zaidi ya nilichoomba. Sekunde ya nne nitaitumia. Ila kuhusu bolti nimekwama: je, hakuna njia ya kukaza viungo kwa muda, kisha Sikujua arudi kwenye kamba zake? Tena nimefikiri asitembee kwanza, bali apunge mkono tu.

Fundi Nyuma ya Pazia

Ipo njia ya nta ya nyuki, unayoisugua kiunganoni pamoja na kijiti chembamba cha kubana, na baadaye unaikwangua. Kwa asubuhi ya Changamwe itashika. Alasiri, chini ya taa, italainika na mkono utaanza kushuka.

Kupunga mkono ni chaguo zuri. Tuseme mkono unapanda kutoka ubavuni hadi usawa wa bega, nyuzi 90, kwa sekunde mbili, ambazo ni picha 24. Babu akizigawa sawasawa, kila picha itapata chini kidogo ya nyuzi nne, na mkono utapanda kama kizuizi cha barabarani. Inafaa aanze na nyuzi moja moja, aongeze hadi sita au saba katikati, kisha apunguze tena akikaribia bega, na akifika juu apige picha sita bila ya kugusa kitu. Hilo halitamhitaji mwalimu, kwa kuwa kamba zilikuwa zikimfanyia miaka yote hiyo.

Mwandishi wa Kisauni

Nimeliandika upya hivi: "Alasiri ile mkono wa Sikujua ulishuka mara tatu peke yake. Babu aliikwangua nta kwa kisu, akaitazama bolti aliyokuwa ameiweka juu ya kibodi tangu asubuhi, kisha akazima taa."

Kama ataitia au hataitia, bado sijaamua. Mlioshika kamba hizo kwa mikono yenu, ninyi mngefanyaje?

Fundi Nyuma ya Pazia

Mimi nilitia. Yuko kabatini hadi leo, na kamba zake nimemzungushia kiunoni.