Nimeuziwa kadi ya mchimbaji, muuzaji ananiambia "kwangu ilikuwa inawaka"

BintiMaweni:
Nimekasirika na nitaandika kwa urefu, asiyetaka apite.

Nakata video za harusi hapa Malindi. Wiki mbili nyuma nilimtumia jamaa wa Mombasa KSh 12,500 kwa kadi ya grafiki ya RX 580 ya gigabaiti 8. Hakunificha kwamba ilitoka kwa wachimbaji wa sarafu ya mtandaoni ya Ethereum, tena akaifanya sifa: "Dada, hii haijawahi kuchezewa gemu hata siku moja." Akanipigia simu ya video, nikaiona kadi iko kwenye mashine yake, programu ya majaribio ya FurMark inazungusha lile duara lake lenye manyoya, joto digrii 71, dakika kumi nzima. Nikalipa. Ikaja na basi, imeviringishwa gazeti ndani ya katoni ya maziwa.

Kuichomeka kwangu, skrini inawaka lakini kila kitu kimevimba, maandishi makubwa kama bango la kampeni. Nikaweka draiva mpya ya AMD, nikazima, nikawasha. Yale yale. Kwenye Device Manager kuna pembetatu ya njano na haya maneno:

```
Windows has stopped this device because it has reported problems. (Code 43)
```

Nimefuta draiva, nimeweka ya zamani, nimebadilisha pawa saplai. Fundi mmoja wa mjini kaigeuza mara mbili, kasema imeungua, kataka mia tano ya kuigeuza. Muuzaji naye anasema nimeiunguza mimi kwa stima ya Malindi. Stima ya Malindi! Kompyuta hiyo hiyo ina miaka minne hapa na haijaungua hata balbu ya feni.

Nina harusi mbili za kukabidhi kabla ya Jumamosi. Hizi kadi za wachimbaji zinachakaa wapi hasa? Na ningepima nini kabla sijatoa pesa?

ChumviBahari:
Pole dada. Hapo memori imeiva. Mchimbaji anaichemsha usiku na mchana bila huruma. Fungua GPU-Z utazame joto la memori, ukikuta imepita 100 tupa hiyo kitu.

FundiBarani:
Chumvi, 580 haitoi joto la memori. Unayoyasema ni ya kadi kama RTX 3080, zile za GDDR6X, huko kweli unaliona. Usimpeleke mwenzako kutafuta mstari ambao haupo.

Dada, kadi yako haijaungua, au angalau hujapata sababu ya kusema imeungua. Code 43 kwenye 580 iliyotoka kwa mchimbaji, mimi nashuku BIOS ya kadi, ile programu iliyoandikwa ndani ya kadi yenyewe, kabla ya kitu kingine. Ethereum ilikuwa inakula memori kuliko chipu. Kwa hiyo mchimbaji anaishusha chipu, kasi na volti, bili ya stima ipungue. Halafu anaifungua BIOS na kubana nyakati za memori: anachukua nyakati zilizowekwa kwa kasi ya 1750 anazipachika kwenye 2000. Memori inakimbizwa bila kupewa muda wa kupumua, na hesabu zinaongezeka.

Sasa draiva ya AMD kwenye Windows inakagua sahihi ya BIOS. Ikikuta imechokonolewa, inagoma, ndiyo hiyo Code 43. Kwa muuzaji iliwaka kwa sababu kuna kiprogramu, atikmdag-patcher, kinachoifumba macho draiva. Wachimbaji wengi walikuwa nacho. Wewe huna. Ukimuuliza ataapa kwamba ilikuwa inawaka, na kiapo chake hakitakuwa cha uongo.

Una picha yoyote ya skrini yake siku ile? Na kwenye ukingo wa kadi kuna swichi ndogo ya kuteleza? Baadhi ya 580 zina BIOS mbili.

BintiMaweni:
Swichi hakuna. Picha ninayo, alifungua GPU-Z nikaipiga ili nimwonyeshe kaka yangu. Kwenye Default Clock panasoma 1150, na memori 2150. Memori ni ya Hynix.

FundiBarani:
Basi ushahidi ulikuwa nao kwenye simu kabla hujalipa. Mstari wa Default Clock unasoma kilichoandikwa kwenye BIOS. 580 ya kawaida chipu inaandikwa 1340 hivi, kampuni nyingine zinapandisha kidogo, na memori ni 2000. Ukikuta chipu imeshushwa hadi 1150 na memori imepandishwa 2150, hiyo ni sahani ya mchimbaji na wali bado umo.

NahodhaAmu:
Nyinyi mnateswa na Windows tu. Mimi hapa Amu nina 570 ya mchimbaji tangu 2021, iko kwenye Linux, Code 43 siijui rangi yake. Kilichonisumbua ni feni. Ilianza kulia kama pweza anapigwa jiweni, nikaibandua kile kibandiko cha katikati, nikatia tone la mafuta ya cherehani. Ikanyamaza miezi mitatu, ikarudi na sauti mbaya zaidi. Mwisho nikanunua feni. Na misumari yote ilikuwa na kutu ya kijani, si ya mchimbaji, ya bahari.

FundiBarani:
Nahodha, Linux haikagui ile sahihi, ndiyo maana hujaiona. BIOS yako inaweza kuwa imechokonolewa mpaka leo na wewe unasifu. Lakini la feni umenena. Feni ya mchimbaji haikupumzika hata siku moja, bushi zake zinakwisha kabla ya chochote. Kuipima ni rahisi: iache isimame kabisa, kisha iwashe kwa kasi ndogo, asilimia 30. Feni iliyochoka inashituka kidogo, inasita, ndipo inazunguka. Kwa kasi kubwa hutasikia kitu maana upepo unafunika kelele.

Dada, tafuta BIOS ya asili ya kadi yako kwenye hazina ya TechPowerUp. Soma kibandiko cha nyuma ya kadi, modeli ilingane herufi kwa herufi, na iwe inaikubali Hynix. Ukiweka ya memori nyingine unaweza kupata skrini nyeusi. Prosesa ya kompyuta yako ina uwezo wa kutoa picha bila kadi hii? Kama haina, usianze. Kama inao, fungua amdvbflash kwa haki za msimamizi:

```
amdvbflash -i
amdvbflash -s 0 ya_mchimbaji.rom
amdvbflash -p 0 ya_asili.rom
```

Wa kwanza unakuonyesha kadi na namba yake. Wa pili unahifadhi BIOS iliyopo, na usiuruke, ndiyo njia yako ya kurudi. Wa tatu ndio unaoandika. Stima isikatike hapo katikati.

Mzee wa Kusi:
Kwani hizi sarafu bado zinachimbwa? Mpwa wangu aliambiwa anunue kadi sita atajirike.

FundiBarani:
Mzee, Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022. Ndiyo maana zimejaa sokoni. Mpwa anunue mashua.

BintiMaweni:
Nimerudi. Nimefanya usiku stima ikiwa imetulia, mkono unatetemeka. Code 43 IMEONDOKA. Default Clock sasa 1340 na 2000. Skrini imenyooka. Nimempigia muuzaji, anacheka, eti "si nilikwambia".

Lakini sijamaliza kukasirika. Nimeweka video ya harusi ya Kakuyuni kutoa, dakika kumi na kitu tu, bibi harusi anaingia, usoni mwake kukatokea visanduku vya kijani na zambarau kama kanga imechanika. Nikarudia. Visanduku, ila mahali pengine. FurMark naiwasha nusu saa, safi kabisa. Nieleweje?

MchezajiWaNgala:
Kadi za wachimbaji ni BORA kuliko za gemu, joto lao halipandi wala kushuka. Tatizo ni programu yako ya video.

FundiBarani:
Nusu ya hilo ni kweli. Kulehemu kwa chipu kunachoshwa na kupanda na kushuka kwa joto, na mchimbaji alikuwa anakaa pale pale. Ila memori iliyokaa kwenye moto mfululizo kwa miaka, kwenye banda lisilo na hewa, hiyo hesabu ni nyingine.

FurMark haikudanganyi, ila umeiuliza swali lisilo lako. Inachosha chipu na feni, memori inaigusa kidogo tu. Ndiyo maana wauzaji wanaipenda. Endesha memtest_vulkan, au OCCT upande wa VRAM, na ufungue HWiNFO64 pembeni. Huko chini kuna mstari wa GPU Memory Errors. Unatakiwa ubaki sifuri. Si "kidogo". Sifuri. Dakika ishirini angalau, kwa sababu mara nyingi makosa yanasubiri kadi ishike moto.

BintiMaweni:
Dakika kumi sifuri. Ya kumi na moja makosa 3. Ya kumi na tano makosa 240. Nikazima.

Nimeifungua. Vichwa viwili vya misumari vimeliwa, kwa hiyo nilitanguliwa. Pesti imekauka mpaka inabanduka kama gamba la ubuyu. Zile pedi juu ya memori mbili zimekatika vipande, na upande wa nyuma pana mafuta mafuta yametambaa.

FundiBarani:
Mafuta hayo yanatoka kwenye pedi zenyewe zikichemshwa muda mrefu, yenyewe hayaui kadi, lakini yanakusimulia ilikoishi. Badilisha pedi kwa unene ule ule. Zikizidi unene, chuma cha kupozea hakitagusa chipu na utaona joto linaruka kutoka 40 hadi 80 kwa sekunde chache. Kisha jaribu tena.

BintiMaweni:
Pedi mpya, pesti mpya. Joto la chipu limeshuka digrii 9. Kwa 2000 makosa bado yapo, sasa yanaanza dakika ya kumi na tisa. Nikaishusha memori hadi 1850: saa nzima, sifuri. Harusi ya Kakuyuni imetoka, uso wa bibi harusi ni uso.

Yaani imeharibiwa na uchimbaji, au na zile pedi, au na aliyeifungua kabla yangu?

FundiBarani:
Hapo siwezi kuapa. Chipu moja ya memori imechoka. Nani aliyeichosha, kadi haisemi. Inaweza kwenda mwaka kwa 1850, inaweza kukataa mwezi ujao. Ningekuwa mimi ningemwambia muuzaji: Windows safi, draiva ambayo haijaguswa, memtest dakika ishirini mbele ya kamera, ndipo tuzungumze bei. Anayekataa hilo na kukuwekea FurMark, muage kwa salamu njema.

BintiMaweni:
Nimemtumia picha za makosa na ile Default Clock. Amenirudishia elfu tatu, kisha simu ikazimwa. Kwa 1850 nitabanana nayo hadi Jumamosi.

Mzee wa Kusi:
Binti, baada ya Jumamosi unaiuza? Mpwa wangu anayo elfu tano.