Wastani wa miezi 3, miezi 6 au wa uzito: upi wa kukadiria mauzo ya Septemba?

ChajaMtaani
Wadau, nauza chaja za simu mtandaoni, aina moja tu ya wati 25. Oda zinaingia Instagram na WhatsApp; za Dar nazituma kwa bodaboda, za mikoani zinapanda basi. Nataka kujua Septemba nitauza ngapi kabla sijatuma hela ya mzigo. Mauzo ya mwaka huu kwa pisi ni haya:

Januari 82, Februari 93, Machi 86, Aprili 99, Mei 60, Juni 101, Julai 111, Agosti 112.

Wastani wa miezi 3 ya mwisho unanipa 108. Wa miezi 6 unanipa 95. Nikiipa miezi ya karibuni uzito zaidi, yaani Agosti mara 3, Julai mara 2, Juni mara 1, kisha nikagawa kwa 6, napata 110. Nifuate upi?

MamaJumla
Fuata wa miezi 6, mwanangu. Miezi ikiwa mingi, mwezi mmoja ukichanganyikiwa hauyumbishi hesabu nzima. Miezi 3 ni michache, oda moja kubwa ya mwenye duka inakudanganya. Ungekuwa na miezi 12 ningekuambia uchukue yote 12.

HesabuZaStoo
Kabla ya kuchagua njia, Mei ilikuwaje? Kutoka 99 kwenda 60 halafu kurudi 101 si tabia ya soko. Mzigo ulikata?

ChajaMtaani
Ndiyo mkuu, uliisha tarehe 19 jioni. Mzigo mpya ulifika Juni mosi.

HesabuZaStoo
Basi 60 si kipimo cha wateja, ni kipimo cha stoo yako. Uliuza pisi 60 kwa siku 19, ambayo ni kama 3.16 kwa siku. Zidisha kwa siku 31 za Mei unapata 98. Hiyo ndiyo namba ya kuingiza kwenye hesabu, na pembeni uandike kwamba umeirekebisha ili usije ukaisahau. Ukishaiweka, wastani wa miezi 6 unatoka 95 kwenda 101. Karibu nusu ya tofauti iliyokuwa inakusumbua haikutoka kwenye njia, ilitoka Mei.

Wa miezi 3 haukuguswa kwa sababu Mei imeshatoka kwenye dirisha lake. Ungekuwa unakadiria Julai, nao ungeharibika vilevile.

Sasa usibishane na mtu kuhusu njia ipi ni bora. Rudi nyuma uzijaribu kwa miezi ambayo majibu yake unayo. Weka miezi safu ya A na mauzo safu ya B, Januari ikiwa mstari wa 2. Kisha:

```
C5:  =AVERAGE(B2:B4)
D5:  =B5-C5
```

C5 ni makadirio ya Aprili kutoka miezi 3 iliyotangulia, D5 ni kilichokosekana. Buruta C hadi mstari wa 10, ambao ni Septemba, na D ikomee mstari wa 9. Usiondoe alama ya kutoa ikitokea, hiyo alama ndiyo tunayoitafuta.

ChajaMtaani
Nimefanya, Mei nikiwa nimeweka 98. Safu ya D inasoma Aprili 12, Mei 5.3, Juni 6.7, Julai 11.7, Agosti 8.7. Ila mwanzoni Septemba ilinitolea 111.5 badala ya 108, nikashangaa. Kumbe Juni nilikuwa nimeandika "101 pisi" ndani ya seli.

HesabuZaStoo
Ukiandika neno ndani ya seli, AVERAGE inaiona ni maandishi, inairuka bila kukuambia, na inagawa kwa 2 badala ya 3. Seli tupu nayo inarukwa, lakini sifuri inahesabiwa. Kwa hiyo mwezi ambao kweli hukuuza kitu uandikie 0, usiuache wazi. Kwa kuhakikisha, andika =COUNT(B7:B9) mahali popote; isipotoa 3 kuna namba iliyoharibika.

Sasa tazama safu yako ya D. Mara zote 5 umekadiria pungufu. Hakuna hata mwezi mmoja uliokadiria zaidi. Wastani ukiwa unafanya kazi yake vizuri, D inachanganyika, mara juu mara chini. Ikiwa upande mmoja tu, biashara inapanda na wastani unaifuata kwa nyuma.

AbayaZaPwani
Mimi niko Mombasa, nauza abaya, na huu wastani wa miezi 3 ulinipotosha. Februari niliuza 95, Machi 210 kwa sababu ya Idi, Aprili 40. Mei ukanipa 115 na mauzo yangu ya kawaida ni kama 60. Kwa hivyo nakushauri uwe unapunguza, usiongeze.

HesabuZaStoo
Dada, lako ni jambo lingine. Chaja haina Idi, yako inayo. Kwako Machi si mwezi wa kawaida, na Aprili ni wateja waliokwisha kununua, kwa hiyo miezi hiyo isiingie kabisa kwenye wastani wa miezi ya kawaida. Msimu wako uhesabu peke yake, na uufuate kwa mwezi wa Hijria. Idi ya mwaka 2024 ilikuwa 10 Aprili, ya 2025 ikawa mwisho wa Machi, kwa sababu kila mwaka inarudi nyuma siku kama 11. Aliyenakili Aprili ya 2024 kuwa makadirio ya Aprili 2025 alibaki na mzigo. Linganisha Shaaban na Shaaban, Ramadhani na Ramadhani.

AbayaZaPwani
Hapo sawa. Na Idi ya kuchinja je, nayo niitoe?

MamaJumla
Itoe tu ikiwa inakubadilishia namba. Wengine haiwaongezei hata oda kumi.

KijanaWaSheets
Jibu liko wazi, ni wa uzito. Tatizo ni kuchelewa, na uzito unaondoa kuchelewa. Achukue 110 amalize.

HesabuZaStoo
Unapunguza, hauondoi. Kutoka Januari hadi Agosti amepanda kutoka 82 hadi 112, yaani pisi 30 kwa hatua 7, kama 4.3 kwa mwezi. Katikati ya Juni, Julai na Agosti ni Julai, na kutoka Julai hadi Septemba ni miezi 2. Kwa hiyo wastani wa miezi 3 utapungukiwa kama 8.6, na ukiangalia, wastani wa makosa yake 5 ni 8.9. Uzito wa 3, 2, 1 unasogeza ile katikati mbele kwa theluthi moja tu ya mwezi. Bado atapungukiwa karibu 7.

Miezi 6 ndiyo mbaya zaidi hapa, katikati yake iko miezi 3 na nusu nyuma ya Septemba. Jaribu kwa Agosti: Februari hadi Julai, pamoja na Mei ya 98, inatoa 98 kamili, wakati aliuza 112. MamaJumla yuko sahihi kwa biashara iliyotulia. Kwa inayopanda, kila mwezi unaouongeza unakuvuta nyuma.

Ningekuwa yeye ningechukua 108, nikaongeza 9 ninazopungukiwa kila mara, nikaandika 117.

MamaJumla
Na ikiacha kupanda? Julai 111, Agosti 112, hapo mimi naona imeshafika kileleni. Ukiongeza 9 unanunua chaja za kukaa stoo.

HesabuZaStoo
Inawezekana. Machi nayo ilishuka kutoka 93 hadi 86 kisha ikaendelea kupanda, kwa hiyo mwezi mmoja haunitoshi kusema kilele. Lakini siwezi kukuthibitishia kwamba si kilele. Namba 8 hazitoshi.

RukiaVifurushi
Mimi nina shaka na ile 98 ya Mei. Wateja wangu wengi wananunua mishahara ikishatoka, tarehe 25 na kuendelea. Mzigo wake uliisha tarehe 19, kwa hiyo siku zilizokosekana ni zile nzuri. Huenda Mei ya kweli ilikuwa juu ya 98. Halafu kuna waliosubiri wakanunua Juni, kwa hiyo 101 ya Juni nayo ina wateja wa Mei ndani yake.

HesabuZaStoo
Hoja nzuri, na kwa jumla ya mwezi haimaliziki. ChajaMtaani, chukua tarehe za oda za Juni, Julai na Agosti. Hesabu ngapi ziliingia kati ya tarehe 1 na 19, gawa kwa oda zote za miezi hiyo. Zikiwa asilimia 55, kwa mfano, basi 60 gawa kwa 0.55, Mei inakuwa 109. Zikiwa asilimia 61, unarudi palepale 98. Waliosubiri utawaona WhatsApp: walioulizia baada ya tarehe 19 na kununua Juni wahamishie Mei.

ChajaMtaani
Nitapekua meseji usiku. Swali lingine: mzigo wangu unakuja kwa meli na huchukua kama siku 40. Nikiagiza leo, mwanzoni mwa Septemba, naagiza hizo 117?

RukiaVifurushi
Hapo ndipo wengi tunapojichanganya. Mzigo wa leo hauuzwi Septemba, unafika katikati ya Oktoba. Septemba yako inategemea chaja zilizoko stoo sasa hivi. Zimebaki ngapi?

ChajaMtaani
Pisi 190.

HesabuZaStoo
Kwa 117 za Septemba zinabaki 73. Oktoba, ukiongeza 4 za kupanda, ni 121, kama 3.9 kwa siku. 73 zinakufikisha Oktoba 18 au 19. Meli ikifika tarehe 12 uko salama kwa siku 6 hivi. Ikichelewa wiki moja unarudia Mei. Unachoagiza leo ni cha kuanzia hapo: mabaki ya Oktoba kama 48, na Novemba yote 125, jumla 173 hadi mwisho wa Novemba. Kinga ya kuchelewa ni juu yako na mfuko wako.

Na angalia, wastani wa kawaida ungekupa 108 kwa Septemba, Oktoba na Novemba zote, kwa sababu wenyewe haujui kupanda. Tofauti ya pisi 9 mwezi wa kwanza inakuwa 17 mwezi wa tatu.

MamaJumla
Mimi bado ningeagiza 150. Chaja zikikaa, hela imekaa nazo, na toleo jipya la simu likija na wati nyingine unazigawa bure.

HesabuZaStoo
Kwa 150 ataishiwa kama Novemba 24, siku moja kabla ya mishahara. Ila hoja ya hela naielewa, hiyo wastani hauwezi kumjibia. ChajaMtaani, Septemba ikifungwa angalia jambo moja: ukiuza 108 au pungufu bila mzigo kukata, ondoa zile 9 na urudi kwenye wastani mtupu. Ukiuza kati ya 113 na 121, ziache zilivyo.