Usanisinuru kwa mtoto wa darasa la tatu: tuliache au tubuni jingine?

Mfasiri_Mgeni: Wakuu, natafsiri sura ya sayansi kutoka Kiingereza, inahusu mimea kujitengenezea chakula. Wasomaji ni watoto wa darasa la tatu. Nimekwama kwenye usanisinuru, hewa ya ukaa, na ile dawa ya kupimia wanga kwenye jani. Niyaache yalivyo au nibuni mengine?

Kigogo wa Mwembeni: Usanisinuru mbona linajieleza lenyewe? Usanisi na nuru, basi. Shida si neno, shida walimu wa siku hizi hata usanisi wenyewe hawaujui.

Ticha_Chaki: Kigogo, njoo usimame mbele ya watoto tisini na kitabu kimoja kwa dawati, ndipo uniambie nisichokijua. Mimi usanisi naujua. Mtoto wa miaka minane ndiye asiyeujua, na nuru ameisikia zaidi kwenye mawaidha kuliko shambani. Neno linajieleza kwa aliyekwisha kuelezwa.

Kigogo wa Mwembeni: Sijakutaja wewe. Jiwe gizani, akilia ujue limempata.

Bi Mhariri: Mtagombana baadaye. Mfasiri, usibuni. Usanisinuru limo vitabuni, mtoto atakutana nalo tena darasa la sita. Ila usianze nalo. Anza na tendo: jani linapokea mwanga wa jua, linachukua maji kutoka mizizini na hewa ya ukaa kutoka nje, linatengeneza sukari, linatoa oksijeni. Mtoto akishaliona tendo, mwambie kazi hiyo inaitwa usanisinuru, kisha lirudie kurasa zinazofuata lisimpotee. Hewa ya ukaa nayo iache, makaa anayajua. Usije tu ukaandika hewa ya ukaa hapa, kabonidayoksaidi pale, na kule mbele gesi. Nilihariri sura ya namna hiyo, tukaijaribu kwa watoto kumi na wawili. Tuliwaomba wasimulie walichosoma. Mmoja akasema majani yanavuta gesi ya mtungi usiku watu wakilala.

Pwani_Halisi: 😂😂 Mtungi wa kilo sita au kumi na tano?

Baba Wawili: Hiyo dawa si ndiyo madini joto? Imeandikwa kwenye pakiti za chumvi, kila mtoto anaijua. Weka madini joto, umemaliza.

Bi Mhariri: Hapo ndipo pa kuumia. Mtoto atajua ni kitu cha moto, tena ni jiwe. Kwenye jaribio jani linachemshwa majini kidogo, moto unazimwa, kisha linawekwa kwenye kikombe cha spiriti kilichotumbukizwa katika yale maji ya moto mpaka lipauke. Linasuuzwa, ndipo linadondoshewa ayodini. Penye wanga panageuka bluu iliyokolea, karibu nyeusi. Sasa ukimwandikia "madini joto" katikati ya maji ya moto, atadhani ndiyo inayochemsha.

Baba Wawili: Kumbe! Wa kwangu alimwaga chumvi kwenye kiporo cha ugali akisubiri kigeuke cheusi. Nilimchapa kwa kuchezea chakula.

Bi Mhariri: Ungemsikiliza kwanza. Ile ya kwenye chumvi ni kidogo sana na iko katika umbo jingine, haibadilishi ugali rangi. Andika ayodini. Ile ya maabara ukiidondosha kwenye kiporo hichohicho, utaona.

Mkenya_Mtulivu: Huku kwetu sayansi ni Kiingereza na watoto wanaelewa tu. Mnajitesa bure. Baadaye mtawaletea tarakilishi na ngamizi.

Pwani_Halisi: Tarakilishi mmeitangaza nyinyi! Sisi tunasema kompyuta.

Kigogo wa Mwembeni: Wanaelewa au wanakariri? Hapa kwetu mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza anageuziwa kila kitu. Hilo ndilo la kujadili.

Ticha_Chaki: Kwa hili niko na Kigogo, ingawa ananidai msamaha. Lakini Mfasiri, nikupe lililonisumbua mwaka jana. Neno gumu si usanisinuru. Ni *chakula*. Niliuliza darasani chakula cha mmea ni nini, mikono yote juu: mbolea! Ndivyo tunavyosema nyumbani, na mifuko ya dukani inasema hivyohivyo. Nilifundisha kipindi kizima, mwishoni wakaniandikia kwamba jani linatengeneza mbolea. Kwa neno jipya mtoto anauliza. Kwa neno la nyumbani haulizi, anajua tayari.

Bi Mhariri: Hilo sikuwa nimeliona. Basi aandike wazi kwamba mizizi inanyonya maji na virutubisho, na sukari inatengenezwa kwenye jani.

Ticha_Chaki: Virutubisho nalo utamweleza kwa lipi?

Mkenya_Mtulivu: Si mseme *nutrients* muendelee na maisha.

Pwani_Halisi: Mtoeni huyu.

Mfasiri_Mgeni: Asanteni. Usanisinuru nimelishusha ukurasa wa pili, dawa ni ayodini, gesi nimeifuta kote. Ila kichwa cha sura bado kinasema "Chakula cha Mimea", na mchapishaji hataki kiguswe.

Kigogo wa Mwembeni: Msamaha wa nini, Ticha?